Niliomba mwezi mmoja wa kulipwa badala ya miezi sita ya matazamio, yaliyonikuta ni haya

Kabla ya yote niseme kwanza nilikotoka, maana bila hapo utaniona nilikuwa na jeuri tu. Kazi yangu ya kabla ya hii niliwekwa matazamio miezi sita, ile probesheni, kwa mshahara wa chini ya ule tulioongea, nikaambiwa ukithibitishwa tunakupandisha. Miezi sita ikaisha. Hakuna aliyesema kitu. Nikakaa kimya na mimi nikijua kimya chao ni kukubali, mwezi wa saba, wa nane, mshahara uleule, nikienda utumishi naambiwa faili lipo mezani kwa bosi. Mwezi wa tisa ndo nikapewa barua kwamba matazamio yameongezwa miezi mitatu. Nikaondoka mwenyewe, nimechoka.

Ndo baadaye nikaja kuelewa kwamba kile kimya sikutakiwa kukitegemea hata kidogo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema mwaka 2019, kwenye kesi ya mfanyakazi wa benki, kwamba muda wa matazamio ukipita bila barua ya kukuthibitisha hiyo haimaanishi umethibitishwa. Bado uko kwenye matazamio. Na kanuni za ajira za mwaka 2007 zinaruhusu matazamio yafike hadi miezi 12. Kwa hiyo mtu anaweza akakuweka pale mwaka mzima anakulipa pungufu huku wewe unasubiri barua ambayo yeye hana haraka nayo.

Sasa mwaka 2023 nikaitwa usaili kwa msambazaji mmoja wa jumla pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wanauza sabuni, mafuta ya kupikia, unga, biskuti, vitu vya dukani hivyo, wanakopesha maduka ya mtaani mzigo, duka linauza linalipa baada ya siku 30. Kampuni sitaitaja. Walikuwa wanatafuta mtu wa madeni. Kazi hiyo nimeifanya miaka minne naijua, kupiga simu, kuzunguka madukani, kulinganisha vitabu. Tukakubaliana kila kitu mpaka tulipofika kwenye hela, mshahara laki tisa lakini miezi sita ya kwanza laki sita. Nikahisi kama naangalia filamu niliyoiona tayari.

Nikaomba siku mbili za kufikiria. Wakati natoka nikapiga stori na kijana wa stoo pale nje, nikamuuliza hivi aliyekuwa kwenye hii nafasi alienda wapi. Akacheka akasema yupi? Kwamba mwaka ule walishapita wawili, mmoja alikaa miezi minne mwingine miwili. Hilo swali nakushauri uliulize kabla hujapendekeza chochote, na usimuulize utumishi, muulize mlinzi au mama wa chai. Maana kuna ofisi zinaishi kwa watu wa majaribio, anatoka huyu anaingia yule, hakuna anayefika mwezi wa saba. Ofisi kama hiyo ukiipelekea wazo la mwezi mmoja wa majaribio umeirahisishia kazi yake. Mimi nilichimba kidogo, nikaambiwa wale wawili walikimbia wenyewe, mmoja aligombana na masela wa mauzo na mwingine alipata kazi bandarini. Nikasema poa, hapa shida inaweza isiwe bosi. Nusu nilikuwa sahihi.

Siku ya pili nikarudi. Bosi ni mzee wa makamo, mfanyabiashara hasa, kaanza na kigenge, hana muda wa maneno ya vyuo. Nikamwambia shikamoo mzee, hela ya laki tisa nimeipenda na kazi naiweza, ila miezi sita ni mirefu kwangu na kwako pia. Wewe unataka kujua kama naweza kukusanya madeni, hilo halihitaji nusu mwaka. Nipe mwezi mmoja wa majaribio, nilipe laki tisa kamili kama vile nimeshathibitishwa, tuandike nitafanya nini na tutapima vipi, siku ya mwisho tunakaa mezani, nikifeli tunapeana mikono naondoka bila lawama, nikifaulu unanipa mkataba wa kudumu bila matazamio mengine.

Akaniangalia akasema, "Kijana, mimi nitafaidika nini hapo? Nikulipe zaidi mtu nisiyemjua?"

Hapo ndo hesabu ilinisaidia, niliifanya usiku nyumbani kwenye karatasi. Nikamwambia mzee, tofauti kati ya mpango wako na wangu kabla hujajua kama naiweza kazi ni laki tatu za huo mwezi mmoja, basi. Ukiniweka kwa laki sita halafu ukagundua mwezi wa nne kwamba siwezi, umeshanilipa milioni mbili na laki nne na madeni yako yamezeeka miezi minne zaidi. Kwangu mimi ukinipima mwezi mmoja unahatarisha laki tisa na unajua mapema. Akachukua kikokotoo, hakuamini mdomo wangu, akabofya mwenyewe. Wafanyabiashara wa aina hii usiwaambie uko na bidii sana au unajituma, waambie namba wabofye wenyewe.

Na kwa upande wangu, maana wengi huwa hawapigi hii, laki sita ukitoa NSSF asilimia 10 yako na kodi ya mshahara, kwa viwango vya mwaka ule, inabaki 516,000 mkononi. Laki tisa inabaki 729,500. Tofauti mkononi ni laki mbili na kumi na tatu na mia tano kwa mwezi, kwa miezi sita ni kama milioni moja na laki mbili na themanini. Hiyo ndo ilikuwa bei ya kukubali matazamio yao.

Akakubali, ila kwa sharti nilete mwenyewe kwenye karatasi nitafanya nini. Usiku huo nikaandika nitakusanya milioni 20. Nikampigia kaka mmoja ambaye tumefanya wote kazi zamani, nikamsomea, akaniambia wewe unajitia kitanzi. Akaniuliza maswali mawili tu. La kwanza, mzigo unaotoka mwezi huu unalipwa lini? Nikasema baada ya siku 30. Akasema kwa hiyo yote utakayoisimamia wewe tangu mwanzo itaanza kulipwa siku unayopimwa au baada ya hapo, hutaonekana umefanya chochote. La pili, hela ya mwenye duka iko mfukoni kwako au kwake? Kwake. Basi usiahidi hela peke yake, ahidi kitu ambacho kikifanyika au kisipofanyika kinatokana na miguu yako mwenyewe.

Aisee hayo maswali mawili yaliniokoa. Nikafuta, nikaandika upya. Kwanza tukachapisha kutoka Tally, programu yao ya hesabu kwenye kompyuta, orodha ya madeni yaliyopita siku 60 kama yalivyokuwa siku ya kuanza, maduka 41, jumla milioni 64, bosi akasaini kila ukurasa na mimi nikasaini, kila mtu akabaki na nakala. Hiyo ndo mstari wa kuanzia. Bila hiyo karatasi mwisho wa mwezi mtabishana deni lilikuwa ngapi. Halafu kazi yenyewe: kila duka kwenye orodha nilifikie kwa miguu, nikae na mwenye duka tulinganishe kitabu chake na chetu, asaini karatasi inayosema nakubali nadaiwa kiasi hiki, au nakataa na sababu ni hii. Hiyo ilikuwa ahadi kuu. Ahadi ya pili nikaweka kukusanya milioni 12 kutoka humo humo kwenye deni la zamani, deni jipya tusilihesabu. Na mwisho tarehe ya kukaa mezani, Jumanne tarehe 5 Desemba, tumeanza Jumatatu tarehe 6 Novemba. Siku 26 za kazi ukitoa Jumapili.

Dada wa utumishi akauliza hii tuiite nini, tukaandika mkataba wa ajira wa muda maalum wa mwezi mmoja, NSSF inakatwa, kodi inakatwa. Kuna aliyekuwa ananishauri nichukue kama kibarua huru, nilipwe bila makato ya NSSF. Nikakataa, na sababu sio uzalendo, nitaieleza mbele.

Jumatatu nikafika saa moja na nusu. Meza ipo, kompyuta ipo, nenosiri la Tally hakuna. Mhasibu mkuu kasafiri, kurudi Alhamisi. Nikakaa siku tatu nasoma mafaili ya karatasi ya mwaka juzi kama mjinga. Kwenye matazamio ya miezi sita siku tatu ni utani, kwenye majaribio ya siku 26 ni zaidi ya asilimia kumi ya uhai wako imeondoka. Na kwenye karatasi yangu sikuandika popote kwamba siku zinaanza kuhesabiwa nikishapewa vifaa. Lingine sikuliandika ni nauli. Nilidhani ni kitu cha wazi kwamba mtu wa kuzunguka madukani analipiwa, kumbe mtu wa mauzo ndo mwenye bajeti ya nauli, mtu wa madeni wao walizoea anakaa anapiga simu. Mwezi ule nilitoa mfukoni kama laki na sitini, daladala na bajaji, na mvua za Novemba ile zilikuwa za Elinino, kuna siku Mbagala nilivua viatu.

Wiki ya kwanza hiyohiyo likatokea lingine. Katika 41 kulikuwa na maduka matatu makubwa, jumla milioni 17, nikipiga simu napewa majibu ya kifalme, "nimeshaongea na mzee." Nikamfuata bosi akasema hao waache, hao ni watu wangu, tunajuana. Sawa, ni mali yake. Lakini milioni 17 kati ya 64 ndo hiyo imetolewa kwenye uwanja wakati goli langu liko palepale. Nikarudi na ile orodha nikamwomba, mzee naomba uyachore mstari hapa haya matatu uweke saini, ili mwisho wa mwezi tusiyahesabu. Akacheka, akachora. Zikabaki duka 38 na milioni 47. Ile milioni 12 sikuomba ishushwe, na hapo nilikosea, aibu ilinishika, nikaona nitaonekana naanza kulia mapema. Nilitakiwa kuiomba palepale kalamu ikiwa mkononi mwake.

Sasa nikuhadithie Mbagala Rangi Tatu, maana hapo ndo kazi yenyewe ilipojifunua. Duka la mama mmoja mtu mzima, deni lake kwetu milioni moja laki nane na arobaini, siku 97. Nikafika nikamwamkia, nikajieleza, nikamwonyesha karatasi. Mama hakukasirika, aliingia ndani akatoka na kauntabuku limefungwa na mpira wa ndani wa baiskeli, akalamba kidole akafungua ukurasa. "Mwanangu, mimi nadaiwa laki tano na arobaini. Nyingine nimelipa, huyu hapa kijana wenu kasaini." Kweli, tarehe mbili tofauti, laki saba na laki sita, saini ya mtu wa mauzo, na ndani ya kitabu kabana risiti mbili. Nikaziangalia zile risiti. Zilikuwa za kitabu cha kununua stesheneri, kile cha kujaza kwa mkono chenye kaboni, sio risiti zetu zenye namba na jina la kampuni. Na kwenye Tally zile hela hazipo.

Mchezo huu unajulikana kwa wanaofanya madeni. Mtu wa mauzo anapokea taslimu kwa duka A, anatumia. Duka A likianza kuulizwa anachukua hela ya duka B anaingiza kwa jina la A, halafu C anaziba B. Anavyoendelea madeni ya zamani hayapungui ila hayafanani na mtu asiyelipa kabisa, yanapungua vipande vidogo vidogo vya namba za mviringo, na ukimpigia mwenye duka anashangaa kwa dhati. Ukiona maduka kadhaa ya njia moja ya muuzaji mmoja yana tabia hiyo, acha simu, nenda na miguu ukaone kitabu cha mwenye duka. Nikagundua pia kwa nini waliopita hawakukaa. Walikuwa wanapiga simu ofisini, wanapewa majibu na haohao watu wa mauzo.

Mpaka wiki ya tatu nilikuwa nimepata maduka saba ya hivyo, tofauti ya jumla milioni sita na laki nne, na sita kati ya saba njia ya mtu mmoja. Yule jamaa alishajua. Akaanza kunisalimia kwa kuniita "mzee wa mwezi mmoja", wenzake wanacheka. Utani huo una ukweli ndani yake, ukiwa wa majaribio wenye kazi zao wanajua wakikuchelewesha wiki nne tu umekwisha. Nilikuwa naomba nakala za oda nazungushwa, naomba nipande gari la mauzo kwenda Gongo la Mboto gari limejaa ghafla.

Kwenye kuripoti nilikaa nalo siku mbili. Mtu wa majaribio ukienda kwa bosi ukasema fulani mwizi, na fulani ana miaka sita pale na labda ni ndugu wa mtu, unafukuzwa wewe. Nikatengeneza ukurasa mmoja, jedwali, jina la duka, deni kwa kitabu chetu, deni kwa kitabu chake, tofauti, tarehe zilizosainiwa, na picha za kurasa nimezipiga kwa simu nikaziambatisha. Neno wizi sikuandika. Jina la muuzaji sikuandika, njia zinajulikana ni za nani. Nikampelekea bosi peke yake jioni watu wameondoka. Akasoma kimya. Akauliza kitu kimoja, "Hivi vitabu umeviona kwa macho yako?" Nikasema vyote saba. Akakunja akaweka kwenye droo, akafunga na ufunguo. Hakuniambia ahsante wala nini, na muuzaji akaendelea kuja kazini kesho yake kama kawaida, nikalala vibaya siku kadhaa.

Tarehe 5 Desemba ikafika. Nilikuwa na karatasi 35 zilizosainiwa kati ya 38, matatu yamebaki, mawili yamefungwa na moja mwenyewe yuko kijijini. Hela iliyoingia benki milioni nane na laki sita. Yaani ahadi ya kwanza karibu yote, ya pili nimepungukiwa milioni tatu na laki nne.

Bosi akaanza na hiyo hiyo. "Ulisema 12." Nikamwonyesha orodha yenye mstari wake na saini yake. Nikamwambia mzee niliahidi 12 kwenye 64, hiyo ni karibu 19 kwa kila mia. Umenitolea 17, zikabaki 47, nimeleta 8.6, ni 18 kwa mia. Akabofya kikokotoo tena. Kisha akasema maneno ambayo nilikuwa nayategemea kwa hofu, "Unafanya vizuri, tuongeze mwezi mwingine kama huu tuone Desemba, sikukuu watu wana hela."

Hapa ndo mpango huu unapofia kwa watu wengi. Mwezi wa pili wa majaribio ukiukubali wa tatu hutaweza kuukataa, umerudi kwenye miezi sita ileile, tofauti yake inakuja kwa vipande. Mimi nilikuwa nimeweka sentensi moja kwenye mkataba, nayo ilitoka kwenye machungu ya kazi ya nyuma, kwamba nikiendelea kufanya kazi baada ya tarehe 5 Desemba nitahesabika nimeajiriwa moja kwa moja kwa masharti yaleyale na bila matazamio. Kwa hiyo sikubishana. Nikamwambia mzee sina neno, nipo tayari na Desemba na Januari, ila kwa ile tuliyoandika, ukiniambia nije kesho maana yake umeniajiri, ukiona bado una shaka naacha leo kwa amani na orodha yote naikabidhi kwa mhasibu. Kimya kilikuwa kirefu, feni tu inasikika. Akasema, "Kesho uje."

Dada wa utumishi akaniletea barua Ijumaa. Nikaisoma nimesimama, nikaanza kucheka kwa hasira. Kipengele cha nne, mwajiriwa atakuwa kwenye matazamio kwa miezi sita. Na tarehe ya kuanza kazi, 6 Desemba. Hakuwa na nia mbaya, kachukua barua ya zamani kwenye kompyuta kabadilisha jina na mshahara. Ila hicho kipengele kingekuwa kimefuta mwezi wangu wote.

Na ile tarehe nayo sio jambo dogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 35, inasema ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haumhusu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyohuyo, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi ya mmoja. Soma hayo maneno ya mwisho. Mwezi wa majaribio ukiwa mkataba wa ajira, unaunganishwa. Ndo maana nilikataa ukibarua huru, maana pale wangesema huyu hakuwa mwajiriwa wetu, miezi sita inaanza sifuri Desemba. Kwangu ilianza 6 Novemba.

Lakini nisikudanganye hapa, kuna watu nimewaelezea hii stori wakadhani kukwepa matazamio ni kuwa salama. Hapana. Hata barua iseme umethibitishwa siku ya 31, hiyo miezi sita ya sheria ipo palepale, kabla haijafika ukiachishwa ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kudai uliachishwa isivyo haki, mlango huo haujafunguka. Unachobaki nacho ni mkataba wako na notisi, ambayo kisheria mwezi wa kwanza ni siku 7 na baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Mwezi wa kulipwa ulichoninunulia mimi ni vitu viwili, mshahara kamili tangu siku ya kwanza, na tarehe ambayo mtu analazimika kusema ndiyo au hapana. Ile tarehe kwangu ilikuwa na thamani kuliko hata ile milioni na kitu.

Na haifai kila kazi. Rafiki yangu mmoja alisikia kwangu akaenda kuomba hivyo hivyo, yeye anauza sare kwa shule, na mwezi wenyewe wa majaribio ukawa Aprili. Shule zinaamua sare kuelekea Januari. Alizunguka mwezi mzima anapewa soda na walimu wakuu, mikataba sifuri, tarehe 30 akaondoka. Angekaa matazamio yao ya kawaida miezi tisa angekuwa ameonekana. Kazi ambayo matunda yake yanachukua zaidi ya siku 30, na hakuna kipande cha katikati unachoweza kukisainisha, bora ubane kwenye mshahara wa matazamio na tarehe ya tathmini, achana na mwezi mmoja.

Yule muuzaji aliondoka Februari, nasikia walikubaliana alipe kidogo kidogo, mimi sikuitwa kwenye kikao. Nauli nililipwa kuanzia Desemba, ile laki na sitini ya nyuma niliidai mara mbili nikaacha. Mama wa Rangi Tatu alimaliza laki tano na arobaini yake kabla ya mwaka mpya, akaomba risiti yenye jina la kampuni, akaikagua mbele na nyuma kwanza ndo akaibana kwenye kauntabuku.

Ile barua ya utumishi hatukuichapisha upya, printa ilikuwa imeisha wino. Bosi alichukua kalamu akakata kipengele cha nne mstari mmoja, akabadilisha Desemba ikawa Novemba, akaweka saini ndogo pembeni ya kila rekebisho, na mimi nikaweka yangu.